Saa Moja Kabla ya Warsha: Kisa cha Ujumbe wa Kukumbusha na Simu ya Akiba, Pemba

Kisa hiki kilitokea Pemba. Majina ya watu, vikundi na shehia nimeyaondoa, namba za simu pia, na sehemu moja mbili ambazo zingemtambulisha mtu nimezibadilisha. Mimi nilikuwa mratibu. Ujumbe wa kukumbusha ninaousimulia niliuandika mwenyewe, wa kwanza uliotuangusha na wa pili uliotusaidia.

Usuli

Tulipanga warsha mbili za mtandaoni, kwa Zoom, kwa makatibu 24 wa vikundi vya wakulima wa mwani. Karibu wote ni wanawake. Mada ilikuwa daftari la mizani: kuandika uzito wa mwani mkavu ambao kila mwanachama ameleta, bei ya siku ile, na kinachokatwa kwa ajili ya kamba na tai-tai za kufungia mwani. Mwezeshaji alikuwa Unguja, makatibu wametawanyika kaskazini mwa Pemba. Kuwakusanya mahali pamoja kungekula nauli na siku nzima ya kazi.

Siku hatukuichagua ovyo. Wakati wa bamvua bahari hutoka mbali na wakulima huwa pwani tangu asubuhi mpaka mchana, kwa hiyo warsha zote mbili tuliziweka siku za maji mafu, zikipishana kwa wiki mbili. Saa tuliyochagua ni saa 8:00 mchana hadi saa 9:30, yaani mtu ameshasali Adhuhuri, ameshakula, na Alasiri haijaingia. Kwa upande wa ratiba tulikuwa vizuri. Tulikwama mlangoni.

Warsha ya kwanza

Linki niliituma Jumapili kwenye grupu la WhatsApp, na warsha ilikuwa Jumatano. Kati ya siku hizo grupu lilipokea salamu, tangazo la msiba, picha za mwani ulioanikwa na mazungumzo marefu ya bei. Linki ikazama. Jumatano saa 7:00 mchana nikatuma ujumbe huu:

"Assalaam alaykum. Tunakumbushana warsha yetu ya leo. Linki ipo hapo juu. Mwenye tatizo awasiliane na mwezeshaji kwa namba hii: [namba]. Ahsanteni, tujitahidi kuingia mapema."

Nilipoutuma niliuona umekamilika. Una salamu, una namba, umefika kwa wakati. Ilipofika saa 8:00 walioingia walikuwa 9. Mpaka saa 8:30 walifika 14, na kati ya hao wanne walikuwa wanaona picha tu, hawasikii kitu.

Mambo matatu yalitokea kwa pamoja. La kwanza, watu walianza kutafuta "hapo juu" na wengine wakaikuta linki ya jaribio tulilolifanya mwezi uliotangulia. Wakaibonyeza, wakakaa mbele ya kioo kinachowaambia wasubiri, na hakuna aliyekuwa upande wa pili wa kuwafungulia.

La pili, walioshindwa walipiga simu kwa mwezeshaji kama nilivyowaambia. Mwezeshaji alikuwa anaendesha warsha kwa simu hiyohiyo. Kila simu ilipoingia, sauti yake ilikatika kwa wote waliokwisha kuingia. Mara tatu alikata simu ya mtu ili aendelee kufundisha, na waliokatiwa wakafahamu kwamba hawatakiwi. Katibu mmoja, mtu mzima, aliniambia baadaye kwa upole: "Nilipiga mara mbili nikakatiwa, nikasema basi, watakuwa wameshajaa." Maneno hayo yaliniuma kuliko idadi ya waliokosa.

La tatu nilikuja kulijua usiku. Mwaliko wa mwanzo, ule unaojitengeneza wenyewe kwenye kalenda, uliandika 2:00 PM. Katika ujumbe wa kukumbusha sikuandika saa kabisa, kwani niliamini kila mtu anaijua. Saa 2 usiku simu yangu ikaita. "Mwalimu, mie niko tayari, nimeshawalaza watoto. Mbona siwaoni?" Alisoma mbili, akafahamu saa mbili, kama mtu yeyote anayezungumza Kiswahili angefahamu. Aliitenga jioni yake kwa ajili yetu.

Tulichobadilisha na kwa nini

Kabla ya warsha ya pili tulikaa watu watatu: mimi, mwezeshaji, na kijana mmoja wa afisini ambaye tulimpa kazi moja tu, kushika simu ya akiba, yaani simu ya kuwasaidia watakaoshindwa kuingia. Tukaandika ujumbe upya:

"WARSHA YA DAFTARI LA MIZANI ni LEO, saa 8:00 mchana, baada ya Adhuhuri na kabla ya Alasiri.

Linki ya leo ni hii peke yake: [linki]

1. Washa data, bonyeza linki.
2. Andika jina lako na shehia yako.
3. Ukiambiwa usubiri, usitoke. Tunakuona, tutakufungulia.
4. Usiposikia sauti, bonyeza alama ya hedfoni chini ya kioo, kisha palipoandikwa Wifi or Cellular Data.

Ikikataa, BIP namba hii: [namba]. Utapigiwa. Bip sasa hivi, usingoje saa 8."

Kila mstari una sababu yake. Saa imeandikwa kwa Kiswahili na imefungwa kwenye sala mbili, kwa sababu hapo hakuna anayeweza kukosea. Linki imerudiwa ndani ya ujumbe wenyewe, na maneno "hii peke yake" yanaifungia nje ile ya jaribio. Jina na shehia tuliomba kwa sababu warsha ya kwanza chumba cha kusubiri kilijaa majina ya simu badala ya watu. Ukiona "Redmi 9A" mbili na "Galaxy A04" moja, huna njia ya kujua yupi ni katibu wako na yupi ni mpita njia aliyepewa linki.

Hatua ya nne niliitoa moja kwa moja kwa wale wanne waliokaa bila sauti. Kwenye simu ya mkononi Zoom humwingiza mtu kwanza, halafu humuuliza anataka sauti kwa njia gani. Asiyejua Kiingereza hulifunga swali lile akidhani ni tangazo, na tangu hapo huona midomo inakwenda bila neno. Ndiyo maana maneno ya kwenye kioo nimeyaacha herufi kwa herufi kama yalivyo. Ningeyatafsiri, angeyatafuta asiyaone.

Namba ya akiba tuliiweka kwenye kitochi chenye laini yake, mbali na simu ya mwezeshaji. Tukachagua neno bip kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kuweka fedha yake kwenye bando la intaneti huenda amebakiwa na salio dogo lisilotosha maongezi, lakini kubip anaweza. Na kwa bip sisi ndio tunaochagua nani wa kupigiwa kwanza.

Kwa nini saa moja? Tuliwauliza makatibu wenyewe wanahitaji muda gani. Jibu lilikuwa kununua vocha dukani, kuichomeka simu kidogo kwenye chaji, na wengine kutembea mpaka mahali penye mtandao. Mmoja hukaa chini ya mwembe ulio karibu na barabara kuu, kwa sababu nyumbani kwake mtandao unakuja na kuondoka. Nusu saa ingewabana. Saa tatu kabla, ujumbe ungesomwa na kusahaulika katikati ya kupika na kusali.

Saa moja ile ilivyokwenda

Ujumbe uliondoka saa 7:00 kamili kwenye grupu. Kijana wetu akaubonyeza kwa muda kwenye simu iliyoutuma, akafungua sehemu ya maelezo, ambako WhatsApp inaonyesha nani umemfikia na nani ameusoma. Saa 7:15 ulikuwa umewafikia 17. Saba haukuwafikia, maana yake data zao zimezimwa, simu hazina chaji, au hawana mtandao. Kwa hao hakungoja. Aliwatumia meseji ya kawaida:

"Warsha ya daftari LEO saa 8:00 mchana, baada ya Adhuhuri. Linki ipo WhatsApp. Ukishindwa kuingia BIP [namba], utapigiwa. Bip kabla ya saa 8."

Wanne kati ya saba waliwasha data ndani ya robo saa.

Bip zikaanza saa 7:20. Mwezeshaji alikuwa ameshafungua mkutano na kukaa humo, jambo ambalo ni lazima, kwani huwezi kumwambia mtu ajaribu kuingia mapema kwenye mlango uliofungwa. Simu tatu za mwanzo zilikuwa ndefu, dakika tano au sita kila moja, na zote zilikwenda njia moja: mtu anasema yumo ndani lakini hasikii, kijana anamwelekeza, halafu mtu anasema mambo yamezidi kuharibika. Kijana akaanza kuamini kwamba mtandao wa eneo lile ni mbovu siku ile.

Simu ya nne nilikuwa nimekaa pembeni yake, ikiwa kwenye spika.

"Assalaam alaykum. Mwanangu, nimeingia, nawaona watu, lakini sisikii neno."

"Waalaykum salaam, mama. Tazama chini ya kioo, kuna alama kama hedfoni?"

"Ipo. Lakini sasa hata hao watu wamesimama. Mwanzo walikuwa wanatikisika."

"Walisimama lini, mama?"

"Wewe uliponipigia tu."

Kijana akanitazama. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukiwasimamisha. Simu ikipigwa, sauti ya Zoom inakatika kwa sababu kifaa kimeshikwa na maongezi. Na kuna zaidi ya hapo. Ikiwa simu au laini haina huduma ya kupiga kupitia 4G, wakati wa maongezi hushuka kwenye mtandao wa 3G au 2G, na kwenye 2G data husimama kabisa mpaka ukate. Wenye laini mbili nao mara nyingi hupatwa na hali hiyohiyo, kwa kuwa maongezi kwenye laini moja huisimamisha data ya laini nyingine. Kadiri tulivyomwelekeza mtu kwa huruma na urefu, ndivyo tulivyomweka nje.

Kijana akabadilisha hapohapo. "Mama, nisikilize mara moja tu, kisha nakata. Nikishakata, bonyeza ile hedfoni. Yatakuja maandishi. Bonyeza yale yanayoanza na herufi W."

"W. Ile kama M iliyopinduliwa."

"Hiyohiyo. Nakata. Dakika mbili nisipokuona, nakupigia tena."

Akakata. Hakukuwa na haja ya kumpigia tena. Tangu hapo hakuna simu iliyozidi dakika moja. Mpaka saa 7:55 alikuwa ameshapokea bip 11 kutoka kwa watu tisa.

Matokeo

Saa 8:00 ndani walikuwa makatibu 19, wote wanasikia. Saa 8:10 walikuwa 21. Baada ya saa 8:00 kitochi kilipokea bip mbili tu, na mwezeshaji hakukatishwa hata mara moja.

Watatu walikosa. Mmoja simu yake ilizima na kwao umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mmoja huishi kisiwa kidogo cha pembeni na siku ile alikuwa amevuka kwa shughuli nyingine, na ujumbe ulimkuta bandarini akingoja chombo. Wa tatu alikuwa amebadilisha simu, na katika simu mpya hapakuwa na Zoom. Alipobonyeza linki alipelekwa Play Store, bando lake likaisha programu ikiwa bado inashuka. Alibip, tukampigia, lakini kwa dakika zilizobaki hatukuwa na la kumsaidia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni yale maneno "Bip sasa hivi, usingoje saa 8." Nisingeweza kulijua hilo kabla ya simu ya nne. Tuliyaandika kwa kudhani tunapunguza msongamano tu. Kumbe simu ya akiba na warsha vinagombea kifaa kimoja mkononi mwa mshiriki, kwa hiyo msaada wa simu una thamani kamili kabla ya warsha kuanza na thamani ndogo sana baada ya kuanza. Ujumbe unaosema "ukipata tatizo wakati wa warsha piga namba hii" unampeleka mtu kwenye jambo litakalomtoa nje. Aliyekwama katikati ya warsha tulimtaka abip na abaki alipo. Akishabip habonyezi kitu kingine, na msaidizi anaingia kwenye orodha ya washiriki kumtazama kabla ya kuamua kama kumpigia kunafaa.

Mtu wa kushika simu ya akiba hawezi kuwa mwezeshaji, hilo sitalirudia. Ningeongeza kwamba lazima awe na kioo cha warsha mbele yake. Kijana wetu alikuwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya mkutano, hivyo aliposema "nisipokuona nakupigia" alikuwa anamwona kweli: jina, shehia, na ile alama inayoonyesha kama mtu ameunganishwa na sauti. Bila kioo kile angekuwa anauliza "umeingia?" na kujibiwa "sijui."

Kutazama nani ujumbe umemfikia kulituokolea watu wanne, na ni kazi ya dakika moja. Ilifanikiwa kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye grupu. Nilitaka kwanza kutumia orodha ya kutuma kwa wengi, ile ambayo kila mtu huupata peke yake, nikakumbuka kwamba ujumbe wa namna hiyo haumfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Tiki ingebaki moja, nasi tungedhani amezima data.

Kuhusu meseji ya kawaida, mara ya kwanza nilikosea jambo dogo linalokula fedha. Siku moja kabla ya warsha ya kwanza nilituma meseji ya herufi 230 hivi, yenye neno "kinachong’aa" lililonakiliwa kutoka kompyuta na alama ya koma ya juu iliyopinda, pamoja na kikaragosi cha tabasamu. Meseji yenye herufi za kawaida hubeba herufi 160, na ikizidi hukatwa vipande vya herufi 153. Ukiweka koma iliyopinda au kikaragosi kimoja tu, yote hugeuka kuwa ya aina nyingine inayobeba herufi 70, na vipande vyake 67. Meseji yangu ya vipande viwili ikawa vinne, na kila kipande hulipiwa. Kwa Kiswahili, chenye ng' nyingi, hili litakupata mara kwa mara. Koma iliyonyooka haina tatizo. Ile ya warsha ya pili, pamoja na namba ya simu, haikufika herufi 160.

Tulichoshindwa ni kuutwika ujumbe wa saa moja kazi isiyo yake. Kushusha programu, kuvuka maji, kuchaji simu kwenye kijiji kisicho na umeme siku ile, hayo hayaingii ndani ya dakika 60. Aliyebadilisha simu angeokolewa na swali moja jioni ya kuamkia siku ya warsha: "Bonyeza linki hii sasa, niambie unaona nini." Tunalifanya hivyo siku hizi, na anayejibu kwa kutuma picha ya Play Store tunamjua mapema. Kwa yule wa kisiwani tumekubaliana apigiwe siku moja kabla, peke yake, na kama anajua hatakuwapo basi katibu mwenziwe wa upande wa huku amwandikie maelezo.

Kitochi bado tunacho. Laini yake imeandikwa kwenye jalada la ndani la kila daftari la mizani, na baada ya warsha ile bip zimeendelea kuja, nyingi zikiwa za watu wanaouliza namna ya kujumlisha safu ya tatu.